Gemu Inapakia Bila Mwisho: Soma Namba Mbili Kabla ya Kuizima

Swali: Habari za kazi fundi. Laptopu yangu ina prosesa ya i5 yenye viini 4, RAM ya GB 8 na diski ya kawaida ya TB 1. Juzi nilisasisha draiva ya kadi ya michoro, na tangu siku hiyo gemu yangu inaganda kwenye `Loading`, kiduara kinazunguka tu. Nasubiri dakika 10 hadi 15, Windows inaandika `Not Responding`, naizima na kuanza upya, hali ni ileile. Nimeshaifuta na kuiweka tena mara mbili. Tatizo ni diski, draiva, au gemu yenyewe imeharibika?

Jibu: Nzuri ndugu yangu. Jambo la kwanza ninalokuomba ni kutoizima tena mpaka uipime, kwa sababu kuna uwezekano mkubwa kwamba ni huko kuizima kunakokurudisha mwanzo kila mara.

Kile kiduara hakina habari yoyote. Mara nyingi huchorwa na sehemu ya programu isiyohusika na upakiaji, kwa hiyo kinaweza kuzunguka vizuri huku kazi yenyewe imekufa. Maneno `Not Responding` nayo hayamaanishi kwamba gemu imekufa. Windows huyaandika pale dirisha linapopitisha sekunde 5 bila kupokea ujumbe wake, na gemu iliyozama kwenye kazi nzito inaweza kukaa hivyo kwa muda mrefu ikiwa hai kabisa.

Ushahidi wa kuaminika upo kwenye Task Manager. Gemu ikiwa kwenye skrini ya kupakia, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda kwenye `Details`, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya kichwa cha safu yoyote, chagua `Select columns`, kisha weka alama kwenye `CPU time` na `I/O read bytes`. Safu ya kwanza inaonyesha gemu imetumia muda gani wa prosesa tangu ifunguliwe, ya pili inaonyesha imesoma baiti ngapi. Tafuta mstari wa gemu yako, andika namba zote mbili kwenye karatasi, subiri dakika moja kamili ya saa, uziandike tena. Tunachotafuta ni tofauti kati ya vipimo hivyo viwili.

Prosesa yako ina viini 4, na kama ilivyo kwa nyingi za aina hiyo, kila kiini hubeba kazi mbili kwa pamoja. Hivyo Windows inahesabu nafasi 8 za kazi, na dakika moja ya saa inaweza kuzaa hadi dakika 8 za `CPU time`. Kama safu hiyo imepanda kwa dakika 6, 7 au karibu na 8, na zile baiti zimesogea kidogo sana, gemu yako inatengeneza sheda, ambazo nitazieleza hivi punde. Kama muda wa prosesa umepanda kwa sekunde chache tu huku baiti zikiendelea kuongezeka, inangoja diski. Kama vyote viwili havijasogea kabisa, kuna kitu inakingoja ambacho huenda kisije. Ipo na hali ya nne inayowachanganya wengi: muda wa prosesa umepanda kwa dakika moja kamili na baiti hazijaongezeka. Hapo nafasi moja ya kazi inazunguka peke yake. Inaweza kuwa inafungua data iliyobanwa, au imenaswa kwenye kitanzi kisicho na mwisho. Hiyo ipe dakika 10 nyingine, na uangalie pia kama safu ya `Memory` ya gemu inabadilika. Ikikaa palepale muda wote huo, imenaswa.

Sasa nieleze hizo sheda, kwa sababu nadhani ndizo mwanzo wa kisa chako. Sheda ni programu ndogo ndogo zinazoiambia kadi ya michoro namna ya kupaka mwanga, kivuli, maji au ngozi. Gemu ya kompyuta haijui itaendeshwa kwenye kadi gani, kwa hiyo husafirishwa na sheda ambazo hazijakamilika, na draiva yako ndiyo inayozigeuza kuwa lugha ya kadi yako. Kazi hiyo hufanywa na prosesa, na gemu kubwa huwa na maelfu ya sheda. Matokeo yake huhifadhiwa kwenye diski, kwa NVIDIA, kutegemea toleo la draiva, ndani ya folda kama hii:

```
%LOCALAPPDATA%\NVIDIA\DXCache
```

Ukibadilisha draiva, zile zilizotengenezwa na draiva ya zamani hazifai tena, na kazi yote inaanza upya. Ndiyo maana shida yako ilianza siku ileile uliyosasisha. Gemu nyingine huandika `Compiling shaders` na asilimia, lakini nyingine hufanya kazi hiyo kimyakimya nyuma ya neno `Loading`. Ukiikatiza, unachookoa kinategemea gemu: kuna zinazohifadhi kila sheda inapokamilika, na kuna zinazoandika faili moja mwishoni. Kwa aina hiyo ya pili, mtu anayezima kila baada ya dakika 15 hatamaliza kamwe kazi inayohitaji dakika 20.

Nilipata kuhudumia laptopu inayofanana sana na yako, nayo ilitoka kusasishwa draiva. Kipimo cha kwanza kilionyesha `CPU time` ya 0:31:10, na baada ya dakika moja 0:38:40. Yaani dakika 7 na nusu ndani ya dakika moja, na baiti karibu hazikusogea. Sheda, bila shaka. Nilichomeka chaja, kwa sababu laptopu inayotumia betri hupunguza kasi ya prosesa, kisha tukaiacha. Baada ya dakika kama 20 matumizi ya prosesa yalishuka mpaka asilimia 6. Skrini ilikuwa ileile, kiduara kilekile, na mwenye laptopu akanyoosha mkono aizime. Nikamwomba tupime tena kwanza. Safari hii muda wa prosesa ulipanda kwa sekunde chache, ila baiti zilitoka 2,140,000,000 hadi 2,350,000,000. Hizo ni MB 210 kwa dakika, au MB 3.5 kwa sekunde. Sheda zilikuwa zimekwisha na sasa ilikuwa zamu ya diski. Ilichukua dakika 13 nyingine, gemu ikafunguka.

Huenda ukajiuliza inakuwaje diski inayonakili filamu kwa MB 100 kwa sekunde ishuke hadi MB 3.5. Diski ya laptopu ya kuzunguka, mara nyingi, huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na mzunguko mmoja ni milisekunde 11. Ili kusoma kipande kilicho mahali pengine, kichwa chake husafiri kwa takriban milisekunde 12, kisha husubiri kwa wastani nusu mzunguko ili kipande kifike chini yake. Jumla ni milisekunde 17 au 18, yaani vipande visivyofika 60 kwa sekunde. Filamu imelala kwa mstari mmoja mrefu, lakini gemu hudai vipande vidogo vilivyotawanyika, na kila kimoja kikiwa na KB 60 hivi, hesabu inakupeleka kwenye MB 3.5. Kwenye `Performance` ya Task Manager utaona diski iko asilimia 100 na kasi ni ndogo. Diski ya namna hiyo ni nzima, imezidiwa tu. SSD haina kichwa cha kusafirisha. Tulipohamishia gemu ileile kwenye SSD, sheda zikiwa tayari, ilifunguka chini ya dakika moja.

Ila kabla ya kununua SSD, hakikisha mambo mawili. Bonyeza Start, andika `resmon` uifungue, nenda kwenye `Disk`, uangalie faili lililo juu kabisa kwa usomaji. Kama ni `pagefile.sys` badala ya mafaili ya gemu, tatizo lako ni RAM: GB 8 zimejaa na Windows inatumia diski kama kumbukumbu. Funga kivinjari kwanza upime tena. Ukurasa huohuo utakusaidia pia pale baiti zinapoonekana zimesimama lakini diski ina kazi, kwa sababu kuna gemu zinazosoma mafaili kwa njia ambayo safu ya `I/O read bytes` haiihesabu.

La pili ni diski inayokufa. Hiyo huonyesha asilimia 100 huku kasi ikiwa sifuri kwa sekunde kadhaa, na `Average response time` inaruka hadi maelfu ya milisekunde, kwa sababu inajaribu kusoma sehemu mbovu tena na tena. Fungua PowerShell uandike:

```powershell
Get-WinEvent -FilterHashtable @{LogName='System'; ProviderName='disk'; Id=7,153} -MaxEvents 10
```

Ukijibiwa `No events were found`, Windows haijaandika kosa la aina hiyo kwenye kumbukumbu zake. Namba 7 ni sehemu mbovu ya diski, na 153 ni usomaji uliolazimika kurudiwa. Ukiona nyingi za tarehe za karibuni, achana na gemu, nakili mafaili yako muhimu mahali pengine leo hii.

Ikiwa namba zote mbili zimesimama na `resmon` haionyeshi gemu ikisoma chochote, hapo ndipo nakubali kwamba imekwama kweli. Usiizime bado. Kwenye `Details` bonyeza kitufe cha kulia juu ya jina la gemu, uchague `Analyze wait chain`. Ikitaja programu nyingine, kwa mfano ile ya kurekodi skrini, funga hiyo programu na gemu inaweza kuendelea palepale. Ikisema `waiting to finish network I/O`, inangoja mtandao, basi jaribu kukata intaneti uone kama itaendelea au itatoa ujumbe wa kosa. Isipotaja chochote, zima gemu, ifungue tena, na uanze mchezo mpya badala ya kuendelea na uliohifadhi. Mchezo mpya ukifunguka, faili la mchezo uliohifadhi ndilo bovu, na kufuta gemu na kuiweka upya hakutalitibu, kwa kuwa mara nyingi faili hilo hukaa folda nyingine au hurudishwa kutoka mtandaoni. Mchezo mpya nao ukikwama, tumia `Verify integrity of game files` kama gemu ni ya Steam. Kwa diski yako zoezi hilo nalo ni la muda mrefu, na utaona baiti zikipanda polepole kama kawaida.

Kwako wewe, kwa jinsi draiva na diski vilivyo, natarajia uone hatua zote mbili za ile laptopu niliyoihudumia: kwanza sheda, kisha diski. Chomeka chaja, funga kila kitu kingine, fungua gemu, uipime kila baada ya dakika 5 mpaka ifunguke. Ukizima kompyuta kesho na kuifungua tena gemu, ile hatua ya prosesa inapaswa kuwa fupi sana au isiwepo. Ikirudi kwa urefu uleule, sheda hazihifadhiwi. Hapo angalia nafasi iliyobaki kwenye diski C, na kama kadi yako ni ya NVIDIA, kwenye NVIDIA Control Panel weka `Shader Cache Size` iwe GB 10.