Likizo ya baba: mpe bosi wiki, usimpe siku

Nyie ambao mama watoto yuko mwezi wa nane au wa tisa na bado hamjasema kitu kazini, semeni sasa hivi, ila msipeleke tarehe moja. Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 inampa baba siku nne za kazi kwa mwaka, kwa mshahara kamili, na inasema zinachukuliwa mara tu mke anapojifungua, au mimba ikiharibika. Kinachofungua likizo ni kuzaa kwenyewe, sio ile tarehe waliyoandika kliniki.

Na ile tarehe ni makadirio tu, wiki 40 toka hedhi ya mwisho, wengi hawazaliwi siku hiyo kabisa. Skani ya miezi mitatu ya kwanza inakaribia zaidi, ila kama mlipiga ya kwanza mimba ikiwa kubwa inaweza kukosea hata kwa wiki mbili tatu, kwa hiyo jueni mmeshika skani ya lini.

Mimi ni stoo kipa huku Kampala, kitabu cha kliniki kilisema 20 Juni. Nikarudisha nyuma wiki tatu nikapata 30 Mei, nikasogeza mbele wiki mbili nikapata 4 Julai, halafu nikaenda kwa meneja mwezi mzima kabla ya hiyo 30 Mei nikamwambia, "Madamu, mtoto anaweza kuja wakati wowote hapo katikati, siku akija nakutumia meseji na siku zangu nne zinaanza, funguo na daftari la stoo atabaki nazo mwenzangu wa zamu." Alichotaka kujua hasa ni nani atatoa mali nisipokuwepo, kwa hiyo jibu la hilo uwe nalo kabla hujaingia ofisini. Jioni nikamwandikia imeili fupi yenye maneno yaleyale, maana mambo ya mdomo mameneja wakibadilishwa yanapotea.

Mwenzangu mwingine kazini aliambiwa ajaze fomu akaweka tarehe ya kliniki kama ilivyo, ukijaza hivyo mtoto akachelewa wiki unaweza kumaliza siku zako umekaa nyumbani na tumbo bado. Fomu ikidai tarehe andika "kuanzia siku ya kujifungua, inategemewa 30 Mei hadi 4 Julai".

Kingine, ni siku za kazi. Wetu alizaliwa Alhamisi usiku na sisi Jumamosi hatufanyi, nikahesabu Ijumaa, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, nikarudi Alhamisi. Kwenu kama Jumamosi ni kazi nayo inahesabiwa, ulizeni mapema. Na mama akipasuliwa siku nne zinaweza kuishia wodini, so kwenye imeili ileile ombeni na siku chache za likizo ya mwaka ziunganishwe, hizo ndizo bosi ana haki ya kupanga nanyi lini, ndio maana zinataka kuombwa mapema.