Namba ya toleo usiiweke localStorage, vichupo viwili vitafutiana maandishi

> Wakuu, natengeneza mfumo wa kuandikia ripoti ndefu, unajisevu wenyewe. Namba ya toleo nimeiweka localStorage ili mtu akifungua vichupo viwili visifutiane. Je, ujisevu kila baada ya sekunde ngapi? Na picha za ndani ya ripoti nizihifadhi vipi?

Itoe hiyo namba localStorage leo hii, kabla hujagusa sekunde wala picha. Hapo ulipoiweka ndipo itakapokuumiza.

localStorage ni moja kwa vichupo vyote vya tovuti ileile ndani ya kivinjari kimoja. Kichupo kimoja kikiandika humo, cha pili kikisoma kinakuta alichoandika mwenzake. Lakini maandishi ya ripoti yamo ndani ya kila kichupo kivyake. Kwa hiyo namba wanachangia, maandishi hawachangii, na kichupo cha zamani kinaweza kubeba maandishi ya kale yenye namba mpya.

Sisi ilikuwa hivi. Afisa anafungua ripoti asubuhi, toleo la 12, anaiacha wazi. Mchana anabofya kiungo kwenye barua pepe, ripoti ileile inafunguka kwenye kichupo cha pili, na humo anaandika sura nzima ya matokeo. Mfumo unajisevu, namba inapanda hadi 31, na 31 inaandikwa localStorage. Jioni anarudi kichupo cha kwanza bila kukumbuka kwamba ni cha kwanza, anasahihisha herufi moja kwenye kichwa cha ripoti. Kichupo kinaokota 31 kutoka localStorage na kuituma pamoja na maandishi ya toleo la 12. Seva inalinganisha namba, inaona zinalingana, inapokea. Toleo la 32 ni ripoti ya asubuhi, sura ya matokeo haipo, na juu ya ukurasa pameandikwa "Imehifadhiwa". Kwenye kumbukumbu za seva hakuna kosa hata moja, 200 tupu kuanzia juu hadi chini.

Aliyetupa ushauri huo alikuwa mshauri wa kulipwa. Alisema namba ikikaa localStorage haitapotea mtu akipakia ukurasa upya. Ipotee wapi? Ukurasa ukipakiwa upya, seva inaleta maandishi na namba yake kwa pamoja! Mpaka leo hasira haijanitoka, maana aliyeandika ile sura alilazimika kuiandika tena, na yule mshauri alishachukua chake akaondoka.

Kanuni ni moja: namba inakaa na maandishi iliyokuja nayo, ndani ya kigezo cha kawaida cha kichupo hichohicho. Inapanda tu pale seva inapokijibu kichupo hicho kwamba imepokea maandishi yake. Kwenye hifadhidata ukaguzi unafanyika ndani ya amri moja:

```sql
UPDATE rasimu
SET maandishi = :maandishi, toleo = toleo + 1
WHERE id = :id AND toleo = :toleo_nililosoma;
```

Usianze na SELECT ya kulinganisha halafu UPDATE baadaye, maombi mawili yanaweza kupenya katikati. Angalia idadi ya mistari iliyobadilika. Ikiwa 0, seva irudishe 409. Kwa kuwa anayekagua ni seva, kinga hiyohiyo inafanya kazi hata mtu akiwa na simu na laptopu kwa pamoja.

Sasa 409 ikifika, watu wengi wanaharibu palepale. Wanaandika kodi inayochukua namba mpya kutoka seva na kutuma tena maandishi yaleyale ya zamani. Huko ni kurudi kwenye shimo lilelile kwa njia ndefu. Kukipakia kichupo upya kimyakimya nako kunafuta alichokwisha kuandika mtu. Simamisha kujisevu kwenye kichupo hicho, hifadhi maandishi yake kama nakala ya pembeni, kisha mwoneshe mwandishi matoleo yote mawili achague mwenyewe.

Jambo jingine dogo: kila kichupo kitume ombi moja tu kwa wakati. Mtandao ukiwa mzito, ombi la pili likiondoka kabla ya jibu la kwanza, linabeba namba iliyopitwa na kichupo kinagombana na nafsi yake.

Kujaribu ni rahisi. Fungua ripoti kwenye vichupo viwili. Kwenye cha pili andika sentensi, subiri ihifadhiwe. Rudi cha kwanza, ongeza mkato mmoja, na uangalie sehemu ya Network kwenye DevTools: ombi litoke na namba ya zamani, jibu liwe 409. Ukiona 200, usimruhusu mtu yeyote aanze kuandika ripoti ya kweli humo.