Gini ni ileile, mbona mistari ya Lorenz haifanani?

"Wakuu, makundi mawili yana Gini 0.40 sawasawa ila mistari ya Lorenz haifanani. Mkunjo unasema nini, na wapi hali ni mbaya zaidi?"

Mkuu, hili lilinikuta nilipokusanya mapato ya kambi mbili za dagaa mwaloni. Kila kambi ilikuwa na watu watano, na jumla yao kwa wiki ni laki tano.

Kambi ya kwanza walipata elfu 25, 50, 75, 100, na mwenye mtumbwi 250. Unawapanga kuanzia wa chini, kisha unajumlisha ukipanda. Mmoja, yaani asilimia 20 ya watu, ana asilimia 5 ya fedha. Wawili wana 15, watatu 30, wanne 50, wote 100. Weka watu kwenye mhimili wa chini na fedha kwenye wa wima, kisha unganisha nukta hizo kuanzia sifuri; huo ndio mstari wa Lorenz. Wangepata sawa, mstari ungenyooka kona hadi kona. Hawakupata sawa, kwa hiyo unatoa tumbo chini. Gini, yaani kipimo cha kutolingana kwa mapato, ni eneo la tumbo hilo ukiligawa kwa eneo la pembetatu nzima iliyo chini ya mstari mnyoofu.

Mimi nilianza vibaya: niliingiza watu kama walivyoandikwa daftarini, mstari ukapita juu ya ule mnyoofu. Ukiona hivyo, hujawapanga. Walio chini hawawezi kuwa na fungu kubwa kuliko idadi yao.

Kambi ya pili walipata elfu 10, 40, 90, 160 na 200. Nukta zake ni 2, 10, 28, 60, 100, na Gini inatoka 0.40 ileile. Ukichora yote miwili kwenye karatasi moja, inakatana kati ya asilimia 60 na 80 ya watu. Tumbo la kwanza limejaa kulia, kwa sababu mtu mmoja amebeba nusu ya fedha. La pili limelalia kushoto: wawili wa chini wana asilimia 10 tu, wakati wenzao wa kambi ya kwanza wana 15.

Angalia pia mwinuko wa kila kipande. Ni pato la mtu ukiligawa kwa wastani, ambao hapa ni laki moja. Kipande cha yule wa elfu 10 karibu kinalala chini kabisa. Kinachokwenda sambamba na mstari mnyoofu ni cha anayepata wastani, kama yule wa nne wa kambi ya kwanza. Hapo pengo la wima ndipo lilipo pana kuliko kote: asilimia 30. Maana yake, laki moja na nusu ingebidi itoke kwa mwenye mtumbwi ili wote walingane.

Kwangu mimi kambi ya pili ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu wa mwisho analisha nyumba kwa elfu 10. Anayejali zaidi fedha kurundikana juu atasema ya kwanza, na Gini haiwezi kuwaamua mistari ikikatana.

Ila usichore kwa wiki moja kama mimi. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa wa taa hawapatikani, na yule wa elfu 10 alikuwa ameugua siku nne. Nilipojumlisha wiki nne, tumbo la kushoto lilipungua.