Namkataaje kaka wa kwaya bila kumuaibisha?

"Kuna kaka tunaimba naye kwaya, juzi baada ya mazoezi kaniambia ananipenda na anataka kutuma mshenga nyumbani. Ni mtu mzuri tu ila mimi sina hisia naye kabisa. Nikapaniki nikamwambia nitamjibu. Namkataaje bila kumuumiza, maana tutaendelea kuonana kila wiki?"

Mdogo wangu kuumia ataumia, hilo huwezi kulizuia, ila aibu unaweza kumuepusha na hapo ndo pa kuweka nguvu zako. Na kwa sababu kashataja mshenga usikae na hilo jibu hata wiki mbili. Saa hizi jambo linajulikana na watu wawili tu. Akishawaambia wazee wake, baba yake mdogo akavaa koti akaja kwenu na barua, hapo hapana yako haimrudii yeye peke yake, inarudi na ukoo mzima na kila mwenye kujua barua ilienda atajua pia ilirudi vipi.

Nakwambia hivi kwa sababu mimi nilishalikosea hili vibaya sana. 2016 nlikua keshia kwenye duka la vifaa vya ujenzi, kukawa na kaka wa stoo, mpole, anajituma, kila mtu anamheshimu. Siku moja tunafunga duka akaniambia yake ya moyoni. Nikamuonea huruma, nikamjibu "kwa sasa sipo tayari kwa mahusiano, nataka kwanza nijipange". Nikaona nimemaliza kwa upole kabisa. Kumbe mimi nimesema hapana, yeye kasikia subiri. Na akasubiri kweli, miezi nane. Asubuhi ananiletea chapati, mama alipolazwa alinirushia elfu thelathini na ya kutolea juu, mara moja moja ananiuliza kwa aibu "vipi dada, kujipanga kunaendaje?" na mimi nacheka nabadilisha mada. Sasa mwezi wa tisa nikaanza kutoka na huyu ambae leo ni mume wangu, akaja kunichukua dukani jioni. Yule kaka alikua anahesabu mabati, akaacha kuhesabu, akasimama tu ameshika kalamu. Kesho yake alinifuata kaunta akasema kwa sauti ya chini, "dada, ungeniambia tu hunitaki, saa hizi ningekua nimeshapoa". Hakuongeza neno. Tatizo dukani wote walikua wanajua anasubiri, kwa hiyo wote walimuona alivyoachwa. Mimi ndo nilimfikisha hapo, kwa neno "kwa sasa".

Ndo maana nakusihi kwenye jibu lako lisiwepo neno lolote lenye tarehe ndani yake. Kwa sasa, bado, labda baadae, ngoja nimalize chuo, yote hayo ni tarehe. Na usimpe sababu inayorekebishika. Ukimwambia huna muda atakuja siku una muda, ukimwambia dini zetu au kipato, atakwenda kuhangaika na hicho kitu halafu arudi, na akirudi amekirekebisha utamwambia nini? Kusingizia una mtu nako usifanye kama huna, kwaya ni watu haohao, mwezi haupiti atajua, na hapo ataona hukumheshimu hata kwa ukweli.

Mara ya pili ilikua dereva bajaji aliekua ananipeleka kazini kila asubuhi. Alivyoniambia nikalala nalo usiku mmoja tu. Asubuhi sikumjibu ndani ya bajaji, maana pale yeye anaendesha na mimi nimekaa nyuma yake, hana pa kwenda. Nilisubiri tumefika, nimeshuka, nimeshamlipa, abiria mwingine hajapanda. Nikamwambia hivi, na nilikua nimeyapanga kichwani: "Kaka, lile uliloniambia jana nimelifikiria. Asante kwa kuniambia mwenyewe kiungwana. Jibu langu ni hapana, sina hisia za kimapenzi na wewe na sioni kama zitakuja, ndo maana nakwambia mapema usije ukanisubiri. Na hili limeishia hapa, simwambii mtu." Basi nikanyamaza. Huku kunyamaza ndo kugumu, mdomo unataka kuendelea kujieleza, utasikia unatamani kusema yeye ni mzuri sana na atapata mwingine bora kuliko wewe. Usiseme. Mtu katoka kukataliwa halafu anamsikiliza aliemkataa akimsifia, ile inachoma zaidi.

Akaniuliza, "kwani nimekosea wapi?" Wengi wataulizwa hilo. Nikamjibu "hujakosea popote kaka, hisia tu sina". Akauliza tena kwa namna nyingine, nikarudia maneno yaleyale, sikuongeza sababu mpya, maana kila sababu mpya anaipokea kama mlango mwingine wa kugonga.

Kwako wewe mahali ni muhimu kama maneno. Usimwambie kabla ya mazoezi, akae masaa mawili anaimba tena huku unamuona. Mwambie baada ya mazoezi watu wanapotawanyika, nje, sehemu watu wanawaona ila hawawasikii, na yeye awe na njia ya kuondoka zake. Dakika tatu zinatosha. Alikwambia uso kwa uso, mjibu uso kwa uso, au kwa simu kama ana kwa ana unaogopa. Angekua kakutumia meseji ningekwambia mjibu kwa meseji, mtu anapata nafasi ya kuisoma akiwa peke yake bila wewe kumuangalia anavyobadilika. Ila asipelekewe jibu na rafiki yako, na meseji zake usimuonyeshe mtu. Skrinshoti moja tu ikiingia kwenye grupu la kwaya heshima yote uliyomtunzia imeisha, na huwezi kuirudisha.

Kuhusu vitu, alivyokupa zamani kama mwanakwaya mwenzio viache, kumrudishia soda ya mwaka jana ni kumtukana. Ila kitakachokuja kuanzia siku alipokutamkia usikipokee. Dereva wangu siku ileile ya kuniambia alikataa nauli, mimi nikaiweka kwenye siti, buku mbili yake kama kila siku, nikashuka.

Wiki za mwanzo atakukwepa. Atahamia upande wa pili wa ukumbi, salamu atajibu huku anaangalia chini. Mwache. Msalimie kama unavyowasalimia wengine wote, isizidi isipungue, wala usimtumie meseji usiku kumuuliza kama yuko sawa, maana wewe sio wa kumbembeleza kwenye hili, ukianza hivyo unamrudisha pale pale alipokua. Lakini akikataa kusikia, akaanza kukusubiri njiani au kukutumia vitisho, habari ya kumtunzia siri imekwisha, hapo nenda kwa mwalimu wa kwaya au mzee unaemuamini, na vitisho vikiendelea nenda polisi.

Wangu alipotea mtaani kwetu kama wiki tatu, nikawa napanda daladala. Siku moja ya mvua nipo kituoni nimejikunyata na mwamvuli, bajaji ikasimama mbele yangu. "Dada panda, buku mbili ileile." Nikapanda, tukaongea habari za foleni mpaka kazini, nikamlipa, akasema kesho saa moja kasoro kama kawaida.