Nembo ya kutarizi: fundi anataka faili gani?

"Nembo ya boti yetu Nungwi ninayo kwa PNG. Fundi wa kutarizi pale Darajani kaikataa. Nimpe nini?"

— Mpe SVG, inakwenda kila pahala.

— Kwa tovuti sawa, na mchapaji wa bango atataka PDF ya vekta, yaani mchoro wa mistari unaokuzwa bila kuharibika. Mashine ya kutarizi inataka mishono: sindano ishuke wapi, uzi ukatwe wapi. Hiyo ni DST, na hupangwa na mtu kutokana na hiyo vekta. Mtajie upana mwanzo, tuseme sentimita 8 kifuani. DST ukiikuza sana baadaye, mishono inaachana na kitambaa kinachungulia. Herufi zisizofika milimita 5 huziba, kwa hivyo namba ya simu itoe. Rangi pia DST haizibebi vizuri; chagueni uzi pamoja.

— Na mimi nataka ya kikombe?