Noti ya kredi isiyoonekana kwenye releve

Releve, yaani orodha ya fakture na malipo anayokutumia muuzaji wa jumla, ikikubaliana na daftari lako hadi senti ya mwisho, usilipe bado. Noti ya kredi, yaani karatasi ya muuzaji inayopunguza deni lako, ambayo yeye hakuitoa na wewe hukuiandika haiachi alama popote. Hapo pande zote mbili zimekosea sawasawa, na anayeumia ni mnunuzi.

Nachukua mfano wa duka la vifaa vya ujenzi hapa Lubumbashi ninalolitunzia hesabu. Releve ya mwisho wa mwezi ilidai dola 8,460, daftari letu likasema 7,850. Tofauti ilikuwa 610. Kabla ya kutia alama mstari kwa mstari, kumbuka kwamba safu zinapishana: fakture iliyo upande wa debi kwake iko upande wa kredi kwako. Angalia pia kama salio la kuanzia mwezi ni moja. Kama si moja, tatizo ni la zamani, na utalitafuta bure katika mwezi huu.

Dola 400 zilijieleza upesi. Tulizilipa benki tarehe 29, naye alikuwa hajaziingiza. Zilizobaki 210 ni katoni 14 za vigae vilivyovunjika, dola 15 kila moja. Lori lilizirudisha, sisi tukapunguza deni siku ileile, lakini noti ya kredi haikutolewa.

Wengi wangefunga faili hapo, kwa kuwa tofauti yote imeelezwa. Mimi nilichukua boni za kuagiza na za kupokea mali, nikaziweka kando ya kila fakture. Ndoo 50 za rangi tulipatana kwa 18.50, fakture ikaandika 21. Hizo ni dola 125 zilizozidi, na sisi tuliingiza fakture hiyo kama ilivyokuja. Releve isingezionyesha kamwe, maana daftari letu lilikuwa na kosa lilelile. Deni la kweli likawa 7,725.

Kudai kwa simu hakutoshi. Muuzaji aandikiwe barua moja yenye namba ya fakture, namba ya boni na kiasi, na iambatane na nakala ya boni ya kurudisha yenye sahihi ya aliyepokea mali. Bila sahihi hiyo ghala lake litakana, na kwa kweli hutakuwa na la kujibu. Noti ikifika, hakikisha imepunguza na TVA ya asilimia 16, kwa sababu nimeona zinazopunguza bei tupu na kuiacha kodi ilivyo.

Releve inayofuata ikija, tafuta kwanza namba za noti hizo, kisha tazama ziko safu gani. Karani wake akiiweka ile ya vigae upande wa debi kama fakture, tofauti haitakuwa 210 bali 420. Ndiyo maana nikikutana na tofauti nisiyoielewa naigawa kwa mbili, halafu natafuta nusu yake kwenye boni za kurudisha.