Jibu: Kusoma mwendo kutoka mabonde na kilima cha V(x)

“Nina nishati ya chembe inayotegemea mahali ilipo, V(x), yenye mabonde mawili na kilima katikati, nitasomaje aina za mwendo kwenye mchoro wa mahali x na kasi v?”

Chukua V = x⁴/4 − x²/2, tungamo likiwa 1, kisha chora mstari mlalo wa nishati yote, E; chembe hukaa pale tu V isipozidi E, na v = ±√(2(E − V)). E ikiwa kati ya −1/4 na 0, chembe imefungwa bondeni, na njia yake ni kitanzi kinachozunguka x = 1 au x = −1. E ikizidi 0, kitanzi kimoja huyazunguka mabonde yote mawili. Wengi hukosea penye E = 0: njia huchora umbo la 8, lakini chembe hukikaribia kilele bila kukifikia kamwe, kwa kuwa karibu na x = 0 kasi hupungua sawia na umbali uliobaki.